Kati ya Kumi na Mia

Una shilingi laki moja. Unaiweka mahali panapolipa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, na kila mwaka riba hiyo huitoi, unaiacha iungane na mtaji. Itachukua muda gani hadi laki moja iwe laki tatu?

Anayekimbilia hesabu ya haraka atasema: riba ni shilingi 12,000 kwa mwaka, ninahitaji nyongeza ya 200,000, basi ni miaka 16 na miezi kadhaa. Amekosea kwa miaka saba, kwa sababu amesahau kwamba riba nayo inazaa riba. Njia ya uhakika ni kuzidisha kwa 1.12 mwaka baada ya mwaka na kuandika kila jibu. Mwisho wa mwaka wa kwanza utaona 112,000. Wa pili, 125,440. Wa tatu, 140,493. Endelea hivyo kwa subira. Mwaka wa nane unafikia 247,596, wa tisa 277,308, wa kumi 310,585. Laki tatu imepitwa mahali fulani kati ya mwaka wa tisa na wa kumi.

Sasa tunataka kujua ni wapi hasa. Kutoka 277,308 hadi 310,585 ni hatua ya shilingi 33,277. Kutoka 277,308 hadi 300,000 ni shilingi 22,692. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, upate 0.68. Basi jibu letu ni miaka 9.68.

Aliyefanya hesabu hiyo amekwisha kutafuta logi, hata kama neno lenyewe lilimtisha alipokuwa kidato cha pili. Logi ni jibu la swali moja tu: namba hii inatakiwa izidishwe mara ngapi ili ifike pale? Ile namba inayozidishwa tuiite msingi. Hapa msingi ni 1.12, tunataka kufika 3, na logi ni kama 9.68. Miaka tuliyoandika moja baada ya nyingine ni vipeo vya 1.12, na tulichofanya mwishoni ni kujifanya kwamba kati ya kipeo cha tisa na cha kumi fedha inapanda kwa mstari ulionyooka.

Kujifanya huko kuna gharama. Ukuaji wa namna hii hauendi kwa mstari ulionyooka, unapinda. Mwanzoni mwa mwaka fedha ni kidogo, kwa hiyo inaongezeka polepole. Kadiri inavyokua, mwendo nao unakua. Ndiyo maana inachukua muda zaidi kufika katikati kuliko mstari unavyodai, na jibu la mstari siku zote linakuwa dogo kidogo kuliko logi ya kweli. Ya kweli hapa ni 9.69. Kwa msingi wa 1.12 kosa haliwezi kuzidi sehemu 15 katika elfu, popote utakapogawa, kwa sababu vipeo viwili vinavyofuatana viko karibu mno na mpindo kati yao ni mdogo.

Jaribu mbinu hiyohiyo kwa msingi wa 10, ambao ndio wa logi za shuleni, na utaona jambo likiharibika. Logi ya 10 ni 1, logi ya 100 ni 2. Logi ya 50 ni ngapi? Kutoka 10 hadi 50 ni 40, kutoka 10 hadi 100 ni 90, na 40 gawanya kwa 90 ni 0.44. Kwa hiyo 1.44. Jibu sahihi ni 1.70. Hilo si kosa la kupuuza: ukigeuza 1.44 kurudi kwenye namba yake unapata takriban 28 badala ya 50.

Sababu ni ileile, ila sasa imekuwa kubwa. Jiulize namba gani iko nusu ya njia kati ya 10 na 100. Aliyezoea kujumlisha atasema 55. Lakini logi hazihesabu nyongeza, zinahesabu kuzidisha. Nusu ya njia ni ile namba ambayo ukiizidisha kwa kiasi fulani kutoka 10 unaifikia, na ukiizidisha tena kwa kiasi kilekile unafika 100. Namba hiyo ni 31.6. Kati ya 31.6 na 55 ndimo linamojificha kosa lote. Kwa msingi wa 10 mstari ulionyooka unaweza kukupunja hadi 0.27, zaidi ya robo ya hatua nzima.

Kwa hiyo dawa si kuacha kugawa kwa uwiano. Dawa ni kuziba pengo. Kati ya 10 na 100 tupande vigingi vingi, kila kimoja chenye logi inayojulikana, kisha tugawe kati ya vigingi viwili vilivyo jirani. Na vigingi hivyo havihitaji kitabu. Kuzidisha namba mbili ni kujumlisha logi zake, basi mwenye logi za 2, 3 na 7 anaweza kujenga nyingine nyingi sana. Ziandike mahali: 0.3010, 0.4771 na 0.8451. Logi ya 5 inatoka humohumo, kwa kuwa 5 ni 10 gawanya kwa 2: 1 kutoa 0.3010, yaani 0.6990. Hapo logi ya 50 ni 1.6990 bila kukadiria chochote.

Chukua namba ngumu zaidi, 47. Haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5, wala 7. Tafuta majirani wanaogawanyika. Chini yake kuna 45, ambayo ni 9 mara 5: mara mbili ya 0.4771, ongeza 0.6990, unapata 1.6532. Juu yake kuna 48, ambayo ni 16 mara 3: mara nne ya 0.3010, ongeza 0.4771, unapata 1.6811. Tofauti ya logi hizo mbili ni 0.0279. Namba 47 iko theluthi mbili ya njia kutoka 45 hadi 48, na theluthi mbili ya 0.0279 ni 0.0186. Jumlisha: 1.6718. Logi ya kweli ya 47 ni 1.6721. Ukiigeuza 1.6718 kurudi kwenye namba yake unapata karibu 46.97, na kwa kalamu na karatasi tu hapo hapana la kulalamikia.

Msomaji mwenye dukuduku atauliza, hizo logi za 2, 3 na 7 zenyewe zinatoka wapi? Hapa ndipo penye sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mpindo uleule uliotusumbua unaweza kubanwa. Zidisha 2 yenyewe kwa yenyewe hadi kipeo cha kumi: 1,024. Hiyo imekaa kando kabisa ya 1,000, ambayo logi yake ni 3. Gawa kwa uwiano kati ya 1,000 na 10,000: 24 gawanya kwa 9,000 ni 0.0027, basi logi ya 1,024 ni kama 3.0027. Kwa kuwa tulizidisha mara kumi, logi ya 2 ni sehemu ya kumi ya hiyo, 0.3003. Ya kweli ni 0.3010. Kosa la mstari bado lipo, lakini kugawanya kwa kumi kumelipunguza mara kumi.

Kwa 3 mchezo ni ule ule. Kipeo chake cha nne ni 81, jirani wa 80. Logi ya 80 ni mara tatu ya 0.3010 ongeza 1, yaani 1.9030. Kutoka 80 hadi 100 logi inapanda 0.0970, na 81 iko hatua moja katika ishirini, basi ongeza 0.0049. Gawanya jumla, 1.9079, kwa nne: 0.4770. Kwa 7, kipeo cha nne ni 2,401, ambayo imepishana na 2,400 kwa moja tu, na 2,400 ni 3 mara 8 mara 100. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, utafika 0.845.

Mskoti John Napier alichapisha majedwali yake ya kwanza mwaka 1614, na mwaka uliofuata Henry Briggs alisafiri kutoka London kwenda kumwona, wakakubaliana logi ya 1 iwe sufuri na ya 10 iwe 1. Kitabu cha Briggs cha mwaka 1624 kina logi za namba 30,000, kila moja kwa tarakimu 14 baada ya nukta, zote kwa mkono. Aliyewahi kutumia jedwali la tarakimu nne shuleni, huku kwetu au kwingineko, atakumbuka zile safu nyembamba za upande wa kulia zenye tofauti za kuongeza. Huko ni kugawa kwa uwiano kuliko kwisha kufanywa kwa niaba yako. Kwenye mistari ya 10 hadi 19 tofauti hizo mara nyingi huchapwa mara mbili kwa kila mstari, kwa sababu pale mpindo ni mkali na seti moja isingetosha.

Turudi kwenye laki zetu tatu, maana sasa tunaweza kulihakiki jibu kwa njia nyingine. Miaka inayotakiwa ni logi ya 3 gawanya kwa logi ya 1.12. Namba 112 ni 16 mara 7, basi logi ya 1.12 ni 1.2040 ongeza 0.8451 kutoa 2, yaani 0.0491. Gawanya 0.4771 kwa hiyo, upate 9.72. Mbona imezidi? Kwa sababu tulitoa 2 kutoka 2.0491, na tarakimu tulizokuwa nazo zikayeyuka, zikabaki tatu tu za kutegemea. Rudia kwa tarakimu tano, 0.30103, 0.47712 na 0.84510: logi ya 1.12 inakuwa 0.04922, na jibu ni 9.69. Ukiona utoaji umekuachia namba ndogo mno, rudi nyuma uongeze tarakimu kabla ya kugawanya.

Na lipi la kumwambia mwenye fedha, 9.68 au 9.69? Inategemea riba inahesabiwaje ndani ya mwaka. Kama wanaokutunzia fedha wanahesabu riba ya kawaida kwa siku zilizopita na kuiunganisha na mtaji mwisho wa mwaka tu, basi ndani ya mwaka fedha inapanda kwa mstari ulionyooka kweli, na 9.68 si makadirio tena. Ni miaka tisa na miezi minane na siku chache. Kama hawalipi kitu hadi mwaka ukamilike, utangoja mwisho wa mwaka wa kumi, na siku hiyo utachukua shilingi 310,585.