Mizani, Mkazo na Vina katika Tafsiri ya Nyimbo za Kanisa: Mfano wa Ruwaza ya 8.6.8.6

Makala haya yanachunguza kwa nini tafsiri ya wimbo wa kanisa inaweza kutimiza mizani na bado ikaimbika vibaya. Suala hili lina uzito Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako misheni ya Africa Inland ilianza kazi Nasa mwaka 1909. Nyimbo nyingi zinazoimbwa huko kwa Kiswahili zimefuata tuni zilizotungiwa maneno ya Kiingereza.

Katika ruwaza ya 8.6.8.6, mshororo wa kwanza na wa tatu una mizani 8, wa pili na wa nne mizani 6. Mapigo mazito ya tuni huangukia silabi ya 2, 4, 6 na 8, hivyo mshororo wa Kiingereza humalizika kwa silabi yenye mkazo. Mkazo wa Kiswahili, kwa kawaida, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Tuseme mshororo wa chanzo una maana ya “Alikufa kwa ajili yangu, akafufuka”. Tafsiri hiyo ya moja kwa moja ina mizani 15. Ikifupishwa kuwa “Akafa, akafufuka”, mizani 8 hutimia, lakini mkazo wa “-fu-” ya mwisho huangukia silabi ya 7, penye pigo jepesi, na silabi hafifu “-ka” hupewa pigo zito. Mwimbaji hulazimika kutamka “akafufuká”.

Suluhisho mojawapo ni kuigawa noti ndefu ya mwisho iwe mbili na kuongeza silabi moja kila mshororo, yaani 9.7.9.7:

Akafa kwa ajili yangu,
Na mimi niwe wake;
Akaondoa dhambi zangu,
Niimbe sifa zake.

Hapa mkazo wa kila neno umeangukia pigo zito: “-ka-” ni silabi ya 2, “-ji-” ya 6, “ya-” ya 8. Vina vya “-ngu” na “-ke” vimepishana, navyo huimbwa kwenye nusu hafifu ya noti iliyogawanywa. Mbinu hii hushindwa pale noti ya mwisho ilipo fupi, kwa kuwa silabi ya ziada humnyima mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi.

Hata hivyo, ubeti huu una gharama mbili. Vina vyake vyote vimetokana na vimilikishi, ambavyo hupatikana kwa urahisi. Vikirudiwa katika kila ubeti, wimbo huchosha. La pili ni zito zaidi: ufufuo umeachwa. Endapo beti nyingine haziutaji, waumini wataimba fundisho pungufu, ingawa mizani na vina vimekamilika. Kwa sababu hiyo, tafsiri ya namna hii haina budi kupimwa kwa wimbo mzima badala ya mshororo mmoja mmoja.