Risiti Imeandikwa Jina la Dereva

Dereva ametumwa duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam kuchukua nondo za shilingi 1,180,000. Mwenye duka akauliza, “Niandike jina gani?” Dereva akataja la kwake. Jioni mhasibu wa kampuni anaishika risiti ya EFD na kuona tatizo: humo mna VAT ya shilingi 180,000, asilimia 18 ya bei ya nondo zenyewe, ambayo kampuni haiwezi kuidai kwa risiti isiyoitaja.

Karani akaandika upesi: “Habari, risiti mliyotupa ina makosa makubwa. Tunaomba mturekebishie haraka, jina na TIN havipo. Tunahitaji leo kwa ajili ya TRA.”

Muuzaji akisoma hapo anabaki na maswali. Ni risiti ipi kati ya alizotoa siku ile? Jina lipi linatakiwa? Tena neno “makosa” linamtupia lawama mtu aliyeandika alichoambiwa, na kutajwa kwa TRA kunasikika kama kitisho. La kwanza kuondoka ni lawama.

Lakini kuna linalomtia wasiwasi zaidi. Mashine ikishatoa risiti, taarifa zake huenda TRA. Hakuna kufuta wala kuchomeka jina kwa kalamu. Akitoa risiti ya pili na ya kwanza ikabaki, mauzo yatasomeka mara mbili na kodi itamwangukia mara mbili. Kwa hiyo inabidi mauzo ya kwanza yabatilishwe kwanza, kwa hati ambayo wahasibu huiita kredit noti. Barua nzuri inaligusa jambo hili kabla hajauliza:

“Ndugu, tarehe 12 mwezi huu dereva wetu alinunua kwenu nondo za sh. 1,180,000. Risiti ilitoka kwa jina lake kwa kuwa hatukumpa taarifa za kampuni. Tunairudisha risiti hiyo halisi ili muibatilishe kwa utaratibu wenu, kisha mtupe mpya yenye jina, TIN na VRN kama vilivyo kwenye vyeti tulivyoambatisha. Bidhaa na bei havibadiliki.”

Namba ya risiti haikuandikwa kwa sababu risiti yenyewe imo ndani ya bahasha. Ombi likienda kwa simu, namba hiyo pamoja na picha ya risiti lazima viwemo. Vyeti navyo vina kazi: TIN ina tarakimu tisa, na ukikosea moja tu ununuzi unaweza kusomeka kwa mtu mwingine. VRN ni namba tofauti, ya waliosajiliwa VAT tu, ingawa makarani wengi huzichanganya.

Kuna sentensi moja karani alitaka kuiongeza: risiti mpya iwe na tarehe ile ile ya zamani. Mhasibu aliikata. Mashine hupiga tarehe na saa ya siku inapotoa risiti, na kumwomba muuzaji airudishe nyuma ni kumwomba afanye udanganyifu. Badala yake, risiti mpya ikifika, karani anaingiza namba yake ya uhakiki kwenye tovuti ya TRA, anasoma jina na TIN, halafu ndipo anaifungia kwenye faili.