Namba Inayofuata Fedha Kutoka Benki Hadi Benki

Dola 500 zinazotumwa kutoka benki ya Muscat kwenda benki ya Dar es Salaam kwa kawaida hupitia benki ya tatu, mara nyingi ya New York, ambako benki hizo zina akaunti za dola. Kila benki njiani huupa muamala kumbukumbu namba yake yenyewe, ambayo katika ujumbe wa MT103, uliotumika hadi 2025, haikuzidi alama 16. Ndiyo maana namba iliyo kwenye risiti ya Muscat yaweza isijulikane kabisa Dar es Salaam. Maneno ya mtumaji, kama “ada ya shule”, humweleza mpokeaji fedha ni za nini. Kwa kuzitafuta hayafai kitu, maana wengi huandika vivyo hivyo.

Tangu Novemba 2018 mtandao wa Swift unataka kila malipo ya aina hiyo yabebe UETR, utambulisho wa alama 36 ambao benki za njiani hupaswa kuupitisha bila kuubadili. Huonekana hivi:

```
3f2a9c1e-7b64-4d08-9e5a-c10f82b7d436
```

Fedha zikichelewa, benki ya Muscat huulizia kwa utambulisho huo na kuona zilipokwama. Pengine New York imezizuia kwa ukaguzi. Pengine zimeshafika, ila jina halilingani na akaunti, na Dar es Salaam inasubiri masahihisho ya mtumaji. Utambulisho huonyesha zilipo tu. Hauzirudishi, wala hauharakishi ukaguzi. Mpokeaji anayefuatilia amwombe mtumaji achukue UETR na nakala ya ujumbe wa malipo kwenye benki iliyotuma.