Usikivu Nao Hupimika

Muulize mwenye duka la vipuri vya pikipiki kijana wake wa kaunta anaendeleaje. Leo atasema, "Siku hizi anasikiliza wateja." Kesho kijana akitoa kebo ya klachi badala ya breki, atasema, "Huyu hasikii kabisa." Kosa la jana limefunika kazi ya mwezi mzima.

Stadi laini kama usikivu hazionekani kwa macho. Kinachoonekana ni anachofanya mtu anayesikiliza. Mwaka 1963 watafiti Smith na Kendall waliwaomba wauguzi wakuu waeleze utendaji mzuri na mbaya wa wauguzi kwa mifano ya matendo, badala ya maneno kama "hodari" au "mzembe". Kaunta nayo yaweza kupimwa hivyohivyo.

Tuseme mwenye duka amechagua tendo moja: je, kijana anarudia alichoagizwa kabla ya kwenda rafuni? Kila wiki anatazama wateja watano, siku na saa tofauti, asubuhi ya utulivu na jioni ya msongamano, na kuandika ndiyo au hapana daftarini. Mwisho wa mwezi ana wateja 20. Pembeni anahesabu vipuri vilivyorudishwa kwa sababu havikuwa vyenyewe.

Mwezi wa kwanza kijana amerudia agizo mara 6, na vipuri 9 vimerudishwa. Mwezi wa pili amerudia mara 14, lakini vilivyorudi ni 8. Hapo ndipo kikao cha robo saa kinapofaa. Kijana anaanza kujipima mwenyewe, kisha daftari linafunguliwa na wanapitia vilivyorudi kimoja kimoja. Wanagundua kwamba alikuwa akirudia "kebo ya breki ya mbele" bila kuuliza ni ya pikipiki gani, Boksa au TVS. Kiashiria kilipanda, lakini kilikuwa kinapima nusu ya kazi. Wanakubaliana jambo moja tu la mwezi ujao: aulize aina ya pikipiki kwanza. Mwezi wa tatu vinarudi vipuri 3.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kwa wateja 20, kutoka 14 hadi 15 si maendeleo, huenda ni bahati tu. Tazama mwelekeo wa miezi mitatu. Tena mtu akijua anatazamwa hujirekebisha, ndiyo maana hesabu ya vilivyorudi ni ya lazima: hiyo haijui bosi yupo au hayupo. Na ukiifunga hesabu hiyo na mshahara, vipuri vitaanza kurudishwa kimyakimya bila kuandikwa.

Basi kabla hujamwambia mtu "badilika", mwonyeshe ni tendo gani utakaloliandika daftarini. Ukishindwa kulitaja, bado hujajua unachotaka kwake.