Kuhesabu au Kulinda? Uteuzi wa Kategoria za Kijamii katika Mfumo wa Mgawo wa Nafasi Nchini Burundi

1. Utangulizi

Makala haya yanajadili namna kategoria za kijamii zinavyoteuliwa zinapotumika kugawa nafasi za uongozi, pamoja na hoja zinazotolewa kuunga mkono na kupinga utaratibu huo. Mfano unaochunguzwa ni wa Burundi, ambako Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 na Katiba ya mwaka 2005 viliweka mgawo baina ya Wahutu, Watutsi na Watwa. Mfano huu unafaa kwa sababu unaonesha wazi jambo ambalo kwingineko hufichwa na takwimu: kategoria ya mgawo haigunduliwi kwa kuhesabu watu, bali huteuliwa kwa kuzingatia hofu ambayo mgawo wenyewe umekusudiwa kuiondoa.

2. Tatizo la neno "kabila"

Katika Kiswahili, Wahutu na Watutsi huitwa makabila. Neno hilo humfanya msikilizaji atarajie kundi lenye lugha yake, eneo lake na mila zake. Nchini Burundi matarajio hayo hayatimii. Wote husema Kirundi, huishi katika vilima vilevile, na wengi wao hufuata dini zilezile. Kwa hiyo kigezo cha lugha, ambacho katika nchi nyingi za Afrika ndicho cha kwanza kutenganisha jamii moja na nyingine, hapa hakina kazi.

Neno ubwoko, linalotumika katika Kirundi na Kinyarwanda, nalo lina maana ya "aina" ya kitu chochote. Nchini Rwanda lilitumika kwa koo, kisha utawala wa kikoloni ukalitumia kwa Wahutu, Watutsi na Watwa. Utawala wa Kibelgiji haukuziumba tofauti hizo kutoka patupu, lakini ulizifanya kuwa ngumu kwa kuziandika na kugawa elimu na vyeo kwa kuzifuata.

Kategoria hizi zilibaki kuwa na nguvu baada ya uhuru kwa sababu ya damu. Mwaka 1972 wasomi na viongozi wengi wa Kihutu waliuawa na jeshi lililoongozwa na Watutsi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kushika cheo hicho, aliuawa na wanajeshi, na mauaji ya raia wa Kitutsi yakafuata. Waliokutana Arusha hawakuwa wakitafuta maelezo ya kianthropolojia. Walitafuta majina ambayo kwayo watu walikuwa wameuawa.

3. Hesabu ya mgawo

Makadirio ya tangu enzi za ukoloni husema Wahutu ni asilimia 85, Watutsi 14 na Watwa 1. Laiti mgawo ungalikusudiwa kufuata idadi ya watu, Watutsi wangalipata takriban kiti 1 katika kila 7. Badala yake, Katiba iliwapa asilimia 40 ya Baraza la Taifa na Wahutu asilimia 60, huku Watwa wakitengewa wabunge 3. Katika Seneti Wahutu na Watutsi walilingana. Katika jeshi na polisi, jamii moja haikuruhusiwa kuzidi asilimia 50. Tarakimu hizi ni za ulinzi: kila upande upewe nafasi ya kutosha kiasi kwamba upande wa pili usiweze kuuangamiza.

Utekelezaji wake una hatua mbili. Kwanza, katika orodha za vyama, kati ya wagombea 3 wanaofuatana wasizidi 2 wa jamii moja. Pili, baada ya kura, Tume ya Uchaguzi huongeza wabunge wa kuteuliwa hadi uwiano utimie. Hatua ya pili ni ya lazima kwa sababu ya kwanza haitoshi. Tuseme orodha zimeleta Watutsi 33 kati ya wabunge 100. Wanapungua 7 tu ili wafike 40. Lakini kila anayeongezwa huongeza pia jumla ya wabunge, hivyo lazima waongezwe 12, wawe 45 kati ya 112. Pengo dogo katika orodha huzaa nyongeza kubwa bungeni.

Mwaka 2005 wabunge 100 waliochaguliwa waliongezewa 18. Watatu walikuwa Watwa, na 15 waligawanywa sawa, 5 kwa kila kimoja cha vyama vitatu vikubwa. Chama cha UPRONA, kilichopata viti 10 kwa kura, kikawa na 15. CNDD-FDD, kilichopata 59, kikawa na 64. Usahihishaji wa uwiano wa jamii uligeuza pia, kwa kiasi, uwiano wa vyama.

4. Nani ni nani?

Katiba inataja jamii tatu lakini haielezi mtu anajulikanaje kuwa wa mojawapo. Kitambulisho cha uraia hakitaji jamii. Kwa desturi mtoto hufuata upande wa baba, hivyo mtoto wa mama Mtutsi na baba Mhutu huhesabiwa kuwa Mhutu, hata kama amelelewa kwa wajomba zake. Waganwa, ukoo wa kifalme ambao kihistoria haukuhesabiwa kuwa wa Kihutu wala wa Kitutsi, hawakupewa kategoria yao. Vivyo hivyo, katika mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na familia nyingi zina asili ya Kongo au Tanganyika, Mswahili hana mahali pake katika mgawo mpaka ajitaje kwa jina jingine.

Ukimya huu wa Katiba ulikuwa na faida. Kwa muda mrefu mgawo ulitegemea mtu kujitaja mwenyewe na chama chake kumthibitisha. Hapakuwa na daftari la nasaba. Hali ilibadilika mgawo ulipopelekwa nje ya siasa. Sheria ya mwaka 2017 ilitaka mashirika ya kigeni yasiyo ya kiserikali yaajiri kwa uwiano wa 60 kwa 40, na mwaka 2018 serikali ilisimamisha shughuli za mashirika hayo ili yatekeleze masharti. Shirika la Handicap International liliamua kuondoka nchini kuliko kutaja jamii za wafanyakazi wake. Hapa ndipo tofauti inapoonekana: mgombea hujitaja hadharani kwa hiari yake, lakini karani huandikwa katika orodha ambayo hajui itasomwa na nani.

5. Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono mgawo huelekeza kidole kwenye jeshi. Mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipogombea kipindi cha tatu, jaribio la mapinduzi la Mei liliongozwa na Godefroid Niyombare, jenerali wa Kihutu kutoka chama kilekile cha Rais. Mgogoro ulikuwa mkali, lakini haukupasuka kwa mstari wa Wahutu dhidi ya Watutsi kama ule wa 1993. Mgawo, wanasema, uliwafanya watu wa jamii zote wawemo pande zote mbili za ugomvi.

Wapinzani wanajibu kwamba mgawo unahesabu miili bila kuhesabu sauti. Mbunge wa Kitutsi aliyewekwa katika orodha na chama chenye Wahutu wengi anawajibika kwa chama kilichompa nafasi. Katiba ya 2005 ilipunguza udhaifu huu kwa kudai theluthi mbili ya kura ili sheria ipite. Katiba ya 2018 iliondoa sharti hilo kwa sheria za kawaida. Asilimia 40 ikabaki, lakini uzito wake ukapungua. Hoja nyingine ni kwamba mgawo unamlazimisha kila kijana mwenye nia ya uongozi kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwanza.

Rwanda ilifuata njia ya pili: baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 iliziondoa kategoria hizo katika vitambulisho na katika ugawaji wa vyeo. Njia hiyo inamwondolea raia mzigo wa kujitaja, lakini pia inamnyima njia rasmi ya kuuliza iwapo jamii fulani imefungiwa nje.

6. Hitimisho

Katiba ya 2018 iliipa Seneti ya Burundi miaka 5 kutathmini iwapo mgawo uendelee, na mwaka 2023 Seneti ilianza kazi hiyo. Kwa mujibu wa mjadala huu, kuuliza iwapo asilimia 40 inalingana na idadi ya Watutsi ni kuuliza swali ambalo mgawo haukuwekwa ulijibu. Swali linalofaa ni iwapo hofu iliyozaa kategoria hizi imepungua kiasi cha kuweza kuziacha. Na wa kwanza kuulizwa wawe wale ambao, mgawo ukiondolewa, hawatakuwa na idadi ya kuwatetea.