Luseni Haisubiri Kama Mbuga

Tuseme umelima kabichi Geita wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba. Una matuta mawili. Kila tuta lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 1. Moja liko kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga. La pili liko bondeni, kwenye mbuga nyeusi. Je, utayamwagilia siku moja?

Kwanza jua maji yanakokwenda. Jua na upepo huyakausha kwenye udongo. Kabichi nayo huyanywa kwa mizizi na kuyatoa hewani kwa majani. Kabichi iliyokomaa, kwenye jua la kiangazi, hupoteza lita 5 hivi kwa siku katika kila mita moja ya mraba. Tuta lako lina mita 10 za mraba. Basi linapoteza lita 50 kila siku, sawa na madebe mawili na nusu. Matuta yote mawili ni sawa kwa hilo.

Tofauti iko kwenye ghala, na ghala ni udongo. Mizizi ya kabichi hufika kina cha nusu mita hivi. Katika kina hicho luseni inaweza kuipa kabichi lita 400 katika tuta zima. Mbuga inaweza kuipa lita 800. Lakini usingoje ghala liishe. Nusu ikishatumika, kabichi huanza kudumaa.

Sasa tuhesabu. Nusu ya luseni ni lita 200. Ukigawa kwa 50 unapata siku 4. Basi mwagilia madebe 10 kila siku ya nne. Nusu ya mbuga ni lita 400, yaani siku 8. Mwagilia madebe 20 kila siku ya nane. Mimina polepole, maana mbuga hunywa taratibu.

Wengi hupenda kumwaga madebe 20 kwenye luseni ili wapumzike wiki nzima. Madebe 10 huzama chini ya mizizi na kuondoka na mbolea. Siku ya tano kabichi ina kiu tena.

Miche michanga ina mizizi mifupi. Kwenye luseni ipe madebe 3 kila baada ya siku mbili.

Hesabu hizi ni za kukadiria, kwa hiyo uulize udongo wenyewe. Chimba shubiri moja, ukamate udongo, uufinye. Luseni ikimomonyoka mkononi, mwagilia. Mbuga ikifanya donge lakini haivutiki kama uzi, mwagilia. Usidanganywe na majani yanayolegea saa saba mchana kisha yakasimama jioni. Yakiwa yamelegea alfajiri, umechelewa.

Mvua ya ghafla ikinyesha, tazama kopo lililonyooka uliloliacha wazi shambani. Maji ya kina cha milimita 10 ni sawa na madebe 5 kwa tuta. Ahirisha siku mbili.