Herufi za Katikati Hutoka Wapi?

Fonti moja kwenye kompyuta huwa na ndugu kadhaa: nyembamba, ya kawaida, iliyokoza kiasi, nzito. Mara nyingi mchoraji hakuzichora zote. Amechora mbili za pembeni, nyembamba kabisa na nzito kabisa, kisha programu ikakokotoa zilizobaki.

Hesabu yake ni rahisi. Ukingo wa herufi hushikiliwa na nukta. Nukta ya tatu ya "n" nyembamba huunganishwa kwa mstari ulionyooka na nukta ya tatu ya "n" nzito, na "n" ya katikati huweka nukta yake juu ya mstari huo. Kwa hiyo idadi ya nukta na mfuatano wake lazima vilingane katika michoro yote miwili. Nukta moja ikizidi, programu hugoma. Nukta ya kuanzia ikiwa chini huku na juu kule, programu haigomi, ila herufi ya katikati hujisokota kama nguo inayokamuliwa. Kosa hilo angalau linaonekana upesi.

Kinachosumbua zaidi ni kona ndogo inayozuka kwenye mkunjo uliopaswa kuwa laini. Nukta ya mkunjo ina vishikio viwili, kimoja kila upande, na mkunjo huwa laini vikilala kwenye mstari mmoja. Tuseme kwenye "s" nyembamba vishikio vimelala mlalo, kila kimoja kina urefu wa 40. Kwenye "s" nzito vimeinama, kimoja 20, kingine 80. Michoro yote miwili ni safi, lakini katikati vishikio havinyooki tena, na mkunjo unavunjika. Dawa ni kuachia vishikio mwelekeo uleule pande zote mbili, au kulinda uwiano wa urefu wao. Katika maandishi madogo kona hiyo hujificha. Ikichapwa kwenye bango, hakuna asiyeiona.

Halafu kuna unene wenyewe. Nguzo ya "n" ikiwa 40 kwenye nyembamba na 160 kwenye nzito, katikati ya hesabu ni 100. Jicho halikubali, kwa sababu hupima mara ngapi, si tofauti. Mchoraji wa Kiholanzi Lucas de Groot alipendekeza kuzidisha namba hizo mbili na kutafuta kipeuo cha pili: 80, yaani mara mbili ya 40 na nusu ya 160. Hivyo uzito wa kati hukaa kwenye theluthi ya kwanza ya safari.

Alama ya dola hukaidi yote haya. Ikiwa nyembamba, mstari hupita katikati ya S. Ikiwa nzito, nafasi haipo, kwa hiyo wachoraji wengi hubakiza vipande vya juu na chini tu. Hapo huchorwa maumbo mawili yanayobadilishana uzito ukifika kiwango fulani. Na "a" au "e" ya katikati ikikataa kupendeza, huongezwa mchoro wa tatu, na tangu hapo kila sahihisho hufanywa mara tatu.